Kiza cha Chumbani: Mintarafu ya Mapazia Mepesi na Usingizi katika Nyumba za Machakos

Sisi tukaao Machakos, mahali pasipofika digrii mbili kusini mwa Ikweta, hatuna taabu ya wale wakaao nchi za kaskazini ya mbali, ambako jua la mwezi wa Juni hukawia kuzama hata watoto wakalazwa ilhali nuru ingali imejaa uani. Kwetu macheo hucheza baina ya takriban saa 12 na dakika 10 mwezi wa Novemba na saa 12 na dakika 40 mwezi wa Februari, na machweo hufuata baada ya saa kumi na mbili na dakika chache, mwaka nenda mwaka rudi. Maumbile yenyewe yametujalia usiku kamili. Lakini usiku huo haufiki chumbani kama ulivyo, kwa kuwa juu ya ukuta wa ploti kuna taa ya usalama iwakayo hadi alfajiri, na karibu na kituo cha magari au soko kuna mlingoti wa mulika mwizi umwagao nuru nyeupe juu ya mapaa yote ya jirani. Na mchana nao wapo wanaotaka kulala, yaani mtoto mchanga, na mfanyakazi wa zamu ya usiku arudiye kutoka wadini au kutoka viwanda vya Athi River wakati ambapo wenzake wanatoka kwenda kazini. Baina ya watu hawa na nuru aghalabu hapana kitu ila pazia jepesi la poliesta na neti yake, vitambaa vilivyonunuliwa kwa uzuri wa rangi, wala havikukusudiwa kuzuia kitu.

Kabla ya kusema juu ya vitambaa, yafaa tujue nuru humfanyia nini mtu aliyelala, maana asiyejua sababu hukata kitambaa bila kujua kipimo. Mwaka 1958 tabibu wa Marekani, Aaron Lerner, pamoja na wenzake, aliitenga melatonini, homoni ambayo ubongo huitoa kwa wingi gizani na kuikata nuru inapoingia machoni. Na mnamo mwaka 2002 ikabainika kwamba nyuma ya jicho zipo seli za namna ya pekee, ambazo kazi yake kubwa si kutuonyesha maumbo ya vitu bali ni kuuarifu ubongo kwamba kumekucha au kumekuchwa, nazo huamshwa zaidi na nuru ya samawati, ile iliyojaa katika anga la mchana na katika balbu nyeupe za siku hizi. Ukope uliofumbwa huzuia sehemu kubwa ya nuru, lakini hauizuii yote. Mwaka 2022 jopo la wataalamu wa mataifa mbalimbali lilitoa rai kwamba mahali pa kulala nuru isizidi lux 1, na katika saa tatu za kabla ya kulala isizidi 10, kwa kipimo kinachozingatia zaidi nuru hiyo ya samawati. Na ili msomaji apate kukadiria, mbalamwezi ya mwezi mpevu haizidi sana theluthi moja ya lux, hali jua la mchana mahali pa wazi laweza kufika lux 100,000. Watoto huathirika zaidi ya watu wazima: katika jaribio lililofanywa Colorado na kutangazwa mwaka 2018, watoto wa miaka mitatu hadi mitano waliokaa penye nuru kali kwa saa moja kabla ya kulala walipungukiwa na melatonini kwa takriban sehemu 88 katika 100, na wengi wao hawakuwa wamerejea katika hali yao hata dakika hamsini baada ya taa kuzimwa.

Hapa ndipo inapotupasa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Giza la usiku na giza la usingizi wa adhuhuri si kitu kimoja, wala hayahitaji gharama moja. Mchana melatonini huwa chini hata ukimweka mtu pangoni, kwa hiyo mtoto anayelala saa saba za mchana hasaidiwi na giza kwa njia ya homoni. Husaidiwa kwa sababu hana la kutazama, wala mshale wa jua haumfikii usoni katikati ya usingizi wake. Kwa mtoto huyo chumba kikiwa na kiza cha jioni, hata mama akaweza kuona uso na rangi ya midomo yake kutoka mlangoni, kimetosha. Na mtoto wa majuma ya kwanza hahitaji hata hicho: saa ya mwili wake haijajipanga, huchukua miezi miwili au mitatu na zaidi kuanza kupambanua mchana na usiku, na kinachomfundisha ni ile tofauti yenyewe, basi alale mchana penye nuru na sauti za nyumba, na usiku penye giza na utulivu. Anayefunga madirisha yake mchana kutwa kwa ajili ya kichanga humchelewesha kujifunza. Mwenye haja ya giza la kweli mchana ni mtu wa zamu ya usiku, ambaye anauomba mwili wake ulale saa ambazo kila kitu kinauambia uamke. Kwake yeye hata mstari mwembamba wa nuru pembeni mwa pazia una madhara. Kwa hiyo kabla hujatoa fedha, jiulize ni nani alalaye katika chumba hicho, na saa ngapi.

Nuru ni kama maji, hupita penye upenyo; na kosa nilionalo mara nyingi ni mtu kununua kitambaa kizito cha thamani, akakitundika kwenye fimbo ileile, kwa kipimo kilekile cha pazia la zamani, kisha akashangaa kwamba chumba bado kimepambazuka. Upungufu hauko katika kitambaa, uko kingoni. Fimbo za mapazia katika nyumba zetu husimama mbali na ukuta kiasi cha sentimita nane au kumi, na katika nafasi hiyo nuru hupanda juu, ikapiga dari iliyopakwa chokaa nyeupe, nayo dari ikairudisha chini chumba kizima. Huingia pia ubavuni, kwa kuwa pazia limeishia palepale lilipoishia dirisha. Huingia chini ya mlango. Na huingia katika matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha, ambayo habari yake nitaieleza peke yake.

Njia ya kuyajua haya si kukisia. Chagua saa ambayo jua linalipiga dirisha hilo: dirisha la mashariki lipime saa mbili za asubuhi, la magharibi saa kumi za alasiri. Funga mlango na pazia, zima taa, kisha keti kitako dakika kumi bila kutazama simu, kwa maana jicho huhitaji muda kuzoea giza, na atakayehukumu mara tu aingiapo ataona chumba kina kiza kuliko kilivyo. Baada ya hapo inua mkono karibu na ukuta: ukiona kivuli chake kina kingo zilizo wazi, ujue pana nuru nyingi itokayo upande mmoja, nawe uufuate upande huo. Weka alama ya chaki kila mahali unapoona mstari au nukta ya nuru, kisha urudie jambo lilo hilo usiku, taa za nje zikiwa zinawaka. Programu za simu za kupima lux hufaa kulinganisha kabla na baada ya kazi, ila katika nuru hafifu hazina uaminifu, basi usizitegemee kwa tarakimu za chini.

Na tuchukue sasa chumba kimoja, cha namna iliyojaa katika ploti za mji wetu: dirisha la chuma lenye vioo vifungukavyo nje, grili upande wa ndani, upana sentimita 150 na urefu sentimita 120, likielekea mashariki, alalaye humo ni muuguzi wa zamu ya usiku, na jioni mtoto wake hulala humohumo. Pazia lililopo ni jepesi na mwenyewe analipenda, wala hapana haja ya kulitupa, kwa kuwa dawa yake ni bitana, kitambaa cha pili kinachoning'inizwa nyuma yake. Kwa upana, tunaongeza sentimita 20 kila upande wa dirisha, ikawa 190, na sentimita 10 kila mwisho wa kurudi hadi ukutani, ikawa 210. Kwa urefu, tunapandisha fimbo sentimita 15 juu ya dirisha na kushusha kitambaa 25 chini yake, ikawa 160, na upindo wa 10, ikawa 170. Kitambaa cha bitana chenye upana wa sentimita 150 kikikatwa vipande viwili vya sentimita 170, jumla yake ni meta 3 na sentimita 40, nasi tutanunua meta tatu na nusu. Vipande hivyo viwili vikikutana hutoa karibu sentimita 290 baada ya pindo, vikatosha kupandana vizuri katikati na kubaki na mikunjo kidogo. Fundi wa cherehani hashindwi na kazi hii kwa asubuhi moja.

Jambo la kurudi ukutani ndilo linalostahili kusisitizwa. Mwambie fundi wa vyuma aipinde fimbo ncha zote mbili zielekee ukutani, au, kama fimbo ni ya kukodi pamoja na nyumba, utie msumari mdogo au utepe wa velkro ukutani na kushikiza ukingo wa bitana hapo. Na juu, pale nuru inapopanda darini, weka ubao mwembamba wa upana wa sentimita 12 uliolala juu ya fimbo kutoka ukutani, ule ambao maseremala huuita pelmeti ukiwa na uso wa mbele. Na asiyekuwa na ubao akunje kipande cha katoni nene na kukivika kitambaa cha rangi ya ukuta. Kwa rai yangu, mwenye fedha kidogo aanze na ubao huu na zile kingo kabla hajabadilisha pazia, na ataona tofauti iliyo dhahiri.

Mintarafu ya kitambaa chenyewe, kile kilichotengenezwa makusudi kuzuia nuru hakikamilishwi na unene wa uzi, bali na utando unaopakwa mgongoni, na kilicho bora kina tabaka nyeusi iliyofichwa baina ya tabaka mbili nyeupe. Usikubali neno la muuzaji peke yake. Washa tochi ya simu, ibandike kabisa nyuma ya kitambaa, na utazame mbele: ukiuona mduara wa nuru, hicho ni kitambaa cha kupunguza nuru tu, nacho chafaa kwa usingizi wa mtoto wa mchana, lakini kwa muuguzi wetu hakifai mpaka kiwe mara mbili. Katika marundo ya mitumba hupatikana mapazia mazito ya namna hii kwa bei ya chini sana kuliko ya dukani, ila uyanyooshe juani uyakague, kwa sababu yaliyofuliwa kwa maji ya moto au kupigwa pasi mgongoni huwa utando wake umepasuka, na kila ufa ni nyota ndogo chumbani. Ukishapata zuri, lifue kwa maji baridi, usilikamue, lianike kivulini, na usilihifadhi kwa kulikunja kunjo kali. Asiyepata hilo wala lile atumie blanketi la zamani la rangi iliyokolea, au leso tatu zilizoshonwa pamoja, maana leso moja ya pamba nuru hupita ndani yake karibu kama katika neti.

Wapangaji wengi wamekatazwa kutoboa ukuta, nao wana neema ambayo hawaijui: dirisha lao ni la chuma, na grili ni ya chuma. Sumaku ndogo zilizoshonwa ndani ya pindo la kitambaa, moja kila baada ya sentimita 20, hukishikiza kitambaa moja kwa moja kwenye grili au fremu pasipo msumari wala fimbo, na kwa kuwa hakisimami mbali na dirisha, zile nyufa za juu na ubavuni hazipo tena. Asubuhi hubanduliwa kwa mkono mmoja. Hadhari iliyopo ni moja, nayo ni kubwa: sumaku zifungiwe ndani ya mshono mara mbili, mahali asipofika mtoto, kwa kuwa mtoto akimeza mbili huvutana ndani ya matumbo na kumjeruhi vibaya. Wengine hubandika karatasi ya alumini ya jikoni juu ya kioo, na kweli haipitishi nuru hata kidogo. Lakini kioo cha dirisha lipigwalo na jua huweza kupata joto sehemu moja kuliko nyingine kikapasuka, na gundi huacha alama ambayo mwenye nyumba ataitoza. Ni afadhali kuibandika alumini hiyo juu ya katoni iliyokatwa kwa kipimo cha dirisha, uso wake unaong'aa ukielekea nje, kisha katoni iegemezwe kwenye grili kwa sumaku au kamba fupi, na kuondolewa ukiamka. Uso mweupe au unaong'aa ukielekea jua hurudisha joto. Uso mweusi hulinywa, na chini ya mabati, katika joto la Februari au la Oktoba, chumba chenye kitambaa cheusi kilichobana kioo hugeuka tanuri ambayo hakuna alalaye ndani yake.

Sasa habari ya matundu ya hewa. Naomba msomaji asiyazibe, hata kama nuru yote iliyobaki yaingia hapo. Mwezi wa Julai, baridi ya Machakos inaposhika, wako wanaoingiza jiko la makaa chumbani, na moshi wake usioonekana, kaboni monoksaidi, hauna harufu, umeua watu wakiwa usingizini katika vyumba vilivyofungwa kwa kuogopa baridi. Chumba kilichozibwa kwa sababu ya nuru hakina tofauti na vyumba hivyo. Jiko la makaa lisilale ndani ya chumba chochote, chenye matundu au kisicho na matundu. Na matundu yenyewe yafunikwe kwa namna inayopisha hewa: ning'iniza mbele yake ubao au katoni yenye rangi nyeusi upande unaoelekea tundu, ukiiacha sentimita sita au saba mbali na ukuta, wazi juu na chini, iwe kubwa kuliko tundu kwa sentimita 10 kila upande. Hewa hupinda ikapita. Nuru inayogonga uso mweusi hufa pale pale, ikabaki kidogo sana. Ukisikia chumba kina hewa nzito unapoamka, au kichwa kinauma asubuhi na kupona ukitoka nje, usitafute sababu nyingine kabla ya kufungua.

Na kwa watoto yako mambo mengine mawili. Kitanda cha mtoto kisikae chini ya dirisha, wala kamba za mapazia zisining'inie mahali anapoweza kuzivuta, kwa kuwa zimewanyonga watoto. Tena usitundike plastiki karibu naye kwa ajili ya giza, maana ikianguka usoni humziba pumzi. La pili ni lile la kumfunika mtoto leso au shali kichwani na usoni ili apate giza, iwe mgongoni, kitandani au katika kigari: hilo si giza la chumba, ni joto na hewa iliyotumika, na mtoto mchanga hana nguvu ya kujifunua. Chumba kitiwe kiza, uso wake ubaki wazi. Na mama anayeamka kunyonyesha asiwashe taa ya dari. Kijibalbu hafifu cha rangi nyekundu au ya manjano iliyokolea, kikiwekwa chini karibu na sakafu nyuma ya kiti, humwonyesha anachohitaji bila kumwamsha mtoto wala yeye mwenyewe.

Pengine nuru yaweza kuzuiwa kule itokako, na hiyo ni rahisi kuliko vitambaa vyote. Taa ya usalama ya ploti ikiinamishwa ielekee ardhini na kuvikwa kofia ya bati huangaza mlango vilevile na kuliacha dirisha la jirani. Ikiwa na kihisio cha kuwaka mtu apitapo, afadhali zaidi, na huokoa tokeni za umeme, hoja ambayo mwenye nyumba huielewa upesi kuliko habari ya usingizi wako. Mlingoti wa mulika mwizi hauko katika uwezo wa mpangaji, basi hamisha kitanda: mara nyingi ukuta wa kando una nuru kidogo kuliko ukuta unaoelekea dirisha. Na vile vitaa vya dekoda, ruta na soketi, ambavyo chumba kikiwa na nuru havionekani, chumba kikipata giza vitang'ara. Kipande cha utepe mweusi huvimaliza.

Muuguzi wetu, baada ya bitana, ubao na katoni, alibakiwa na nuru ya mlangoni, nayo aliizuia kwa kitambaa kilichoviringwa na kujazwa mchanga, chenye urefu wa mlango. Afikapo nyumbani asubuhi huwa tayari amevaa kofia pana tangu kituo cha matatu, ili jua lisiuambie mwili wake kwamba siku imeanza. Aamkapo, saa nane au tisa, huvuta mapazia yote mawili hadi mwisho, akabandua katoni, akafungua vioo, na kuketi penye nuru. Na siku asizokuwa zamu, ambapo yeye na mtoto wote hulala usiku, dirisha hilo la mashariki hulifungua kabla ya saa moja asubuhi, hata kama ni Jumapili.